Ila leo si siku yangu

"Asante sana kwa dua. Ila leo si siku yangu. Nani mwenzangu?"

Hayo ndiyo majibu niliyoyapata Jumapili mchana, sahani ya pilau iko mapajani, na tangu hapo nayasoma kama barua ya mahakama. Hiyo "nani mwenzangu" haina neno. Sote hujibu hivyo namba ngeni, awe fundi, awe tapeli, awe mkwe. Kilichonichoma ni hilo la katikati. Nimekaa na tarehe 20 Oktoba kama siku ya kuzaliwa ya Bisi, rafiki yangu wa shule, maisha yangu yote, leo mwenyewe aniambie si yake?

Mliokuwepo nilipoandika habari za mazishi ya mwalimu wetu wa jiografia mnakumbuka lile kundi la WhatsApp la kuchanga. Katika orodha ya waliotoa palikuwa na mstari mmoja: "Bisi, 500, imefika." Bisi ni mmoja tu duniani, msichana aliyeongea kama mahindi yanayoruka sufuriani. Nikamwomba mweka hazina namba, akanipa. Ili niwe na hakika nikafanya lile tufanyalo sote: nikaanza kumtumia shilingi hamsini kwa M-Pesa, jina likatokea, nikaghairi kabla haijaenda. La kwanza lilikuwa lake. La pili sikulijua, labda la mume.

Namba ikakaa kwenye simu miezi. Mtu utamwanzia wapi? Baba Nuru alisema piga tu. Wanaume hawajui. Simu ya ghafla kutoka kwa mtu mliyeachana Agosti 1997, mwezi ule kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku na watu wa bara wakafungasha walichoweza kubeba, hiyo si simu ya kupiga tu. Kwao walilala kanisani siku kadhaa, kisha basi. Mimi ni mtoto wa hapa hapa. Nikimwanza na "habari za siku nyingi", itabidi tuzihesabu hizo siku, na ya kwanza yao ni ile.

Halafu kuna hofu nyingine, isiyo na historia yoyote. Siku hizi mtu aliyepotea miaka akikuandikia, unangojea aya ya pili: kuna harambee, kuna mgonjwa, kuna sabuni za kuuza. Salamu tupu haziaminiki. Ndipo nikafikiria siku ya kuzaliwa. Ni salamu inayojieleza kwa nini imekuja leo na si jana, na aliyepewa anaweza kujibu "asante" akaishia hapo bila mtu kuvunjiwa heshima. Haidai kitu.

Niliandika ndefu kwanza. Nikatoa "umepotea", kwa sababu umepotea ni lawama, na aliyehamishwa hakupotea. Nikatoa swali la watoto wangapi, maana sijui kama Mungu alimjalia. Nikatoa picha ya Nuru. Kilichobaki: "Heri ya siku ya kuzaliwa, Bisi. Leo nimekumbuka gwaride la Tononoka na mabuyu. Mungu akuweke." Jina sikulitia, makusudi. Nilitaka anijue kwa mabuyu.

Maana siku hiyo ilikuwa yetu. Enzi hizo ikiitwa Kenyatta Dei, kabla ya katiba ya 2010 kuigeuza Mashujaa. Hakuna shule, tunavuka feri asubuhi kutoka Likoni, tunasimama juani Tononoka tukitazama askari wakipita, na mimi ndiye nanunua mabuyu kwa kuwa mwenye siku hanunui. Midomo inarudi myekundu. Kila mwaka. Sasa iweje si siku yake?

Tiki mbili zilikaa kijivu kuanzia saa moja asubuhi hadi chakula cha mchana. Barabara ya kwetu yote ilikuwa magari ya kwenda Kwale, sherehe za kitaifa za mwaka 2024 zilikuwa huko, siku tatu kabla naibu wa rais katolewa na Seneti na majirani hawazungumzi jingine, na mimi natazama tiki. Kisha yakaja yale majibu.

Nikasema labda namba si yake. Nikasema labda ni yake na hataki. "Ila leo si siku yangu" ni njia nzuri sana ya kumfungia mtu mlango bila kuupiga. Niliandika majibu nikafuta, nikaandika nikafuta. Usiku nikatuma neno moja: "Feri." Ndilo jina nililobandikwa darasani, kwa kuwa kila nikichelewa kisingizio changu kilikuwa feri. Yeye alikaa Likoni vilevile lakini hakuchelewa, akivuka alfajiri na babake aliyekuwa zamu bandarini.

Jumatatu, ya mapumziko, kimya. Tiki zimekuwa za buluu na kimya.

Jumanne niko kazini, ikaingia sauti ya dakika nne. Nilikwenda kuisikiliza chooni. Sekunde za mwanzo hakuna maneno, ni kicheko tu, kile kile, kinachoanza puani. Kisha: "Feri! Wee Feri! Kwani mpaka leo uliamini?"

Kumbe mamake alijua tu kuwa alimzaa wakati wa mvua ndefu. Tarehe hakuna. Kwenye kitambulisho wameandika Januari mosi, kama walivyoandikiwa wengi. Na darasani kwetu mwenye siku ya kuzaliwa alileta peremende za kugawia wote, mimi nilileta, na kwao peremende za darasa zima zingetoka wapi? Akachagua siku ambayo shule imefungwa. "Nilikuambia wewe peke yako, shoga. Nilipoona Oktoba nikawaza, huyu ni tapeli gani hajui hata Januari mosi. Nilipoona Feri nikaketi chini."

Nimecheka mpaka mwenzangu wa ofisini akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Ningemwandikia Januari mosi, tarehe ya kitambulisho, angesema asante, basi. Ni ule uongo wake ndio ulionitambulisha.

Lakini sauti haikuishia hapo. Dakika ya tatu alishuka. Babake hakurudi tena pwani, hata kudai haki zake za kazi. Mamake amefariki. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari: "Na lile sufuria la mama, mnalo?"

Tunalo. Liliazimwa kwa harusi ya kaka yangu, Julai 1997. Lina herufi zake tatu za kugongwa kwa msumari pembeni, na hakuna shughuli ya mtaani kwetu ambayo halijapikiwa wali. Nilimpigia mamangu palepale. Alinyamaza, akasema: "Mwambie lipo. Nilikuwa nalisugua."

Nimemwambia lipo. Amejibu, "Sawa," na moyo mmoja mwekundu. Mamangu anataka liende na basi wiki hii hii, na kilo tano za mchele ndani, kwani chombo hakirudishwi kitupu. Baba Nuru anauliza nani atalipia mzigo mkubwa hivyo hadi Homa Bay. Mimi sijui kama Bisi aliuliza kwa kulitaka au kwa kutaka kujua tu, na sipati namna ya kumwuliza isiyofanana na kulizuia.

Na huku KCSE ya Nuru iko mlangoni. Jana nimerudi saa kumi nikamkuta amelala, macho mekundu. Namwuliza, ulikesha ukisoma? Anasema hapana, hakusoma. Sasa alikesha akifanya nini?