Logo ya dagaa: nilivyoanza na akili mnemba nikamalizia kwenye vekta

Mama mmoja anayefunga dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba alitaka logo ya kuweka kwenye pakti za robo kilo, kwenye magunia anayosafirisha na kwenye bango la duka. Sharti lake moja tu, lisiwe Jiwe la Bismarck, maana hapa Mwanza hilo jiwe kila mtu kashaliweka, na hapo nilimwelewa kabisa.

Siku hizi kabla sijachora naanza na akili mnemba kutafuta mawazo, inanipa njia nyingi haraka na mteja anaona kitu, sio mimi nimweleze kwa mikono. Ila ukiandika tu "logo ya samaki" utaletewa yule yule aliyejikunja kwenye duara ambaye dunia nzima inamtumia. Mimi niliandika vitu vya huku: karabai, mtumbwi usiku, dagaa, rangi moja bapa bila kivuli, mandhari nyeupe, bila maandishi. Sitaji jina la kampuni wala msanii yeyote, nisije nikaletewa alama inayofanana na ya mtu. Maandishi nayakataza kwa sababu herufi huwa zinaharibika, na hata zikitoka vizuri ni picha ya herufi, huwezi kuzibadilisha kama fonti.

Nikampelekea zile zenye nafuu akazipitia kwenye simu. "Mwanangu, huyu si dagaa, huyu sato," na kweli, ilimtunisha tumbo wakati dagaa ni mwembamba na ana jicho kubwa. Moja ndo ikamshika, karabai ambayo ndani ya kioo, pale panapowaka, kasimama dagaa wima. Kabla ya kuendelea nikaipitisha Google Lens kuona kama kuna inayofanana nayo, na nikapekua alama za biashara zilizosajiliwa BRELA.

Mama akasema basi peleka hiyo hiyo wakaprinti. Hapana mama. Picha ile ilikuwa pikseli 1024 kwa 1024, ukiprinti kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi inatosha kama sentimita 8.7 tu, kwa pakti inapita, lakini ukiivuta kwenye bango la mita 3 kila pikseli inakuwa karibu milimita 3, unaona ngazi ngazi kabisa. Na hiyo ndo shida ndogo. Ukiikuza kwenye kioo cha kompyuta unakuta waya za kulinda kioo cha karabai upande wa kushoto ziko tatu kulia ziko nne, mkono wa kubebea unaanza mnene halafu unapotelea hewani, na ile "rangi moja" pembeni ina vijivu kibao vya kulainisha ukingo.

Kuna watu watakwambia bonyeza tu Trace Bitmap kwenye Inkscape, ile programu ya kuchorea, igeuze picha kuwa mistari imekwisha. Nilijaribu makusudi nimwonyeshe fundi wa stika. Inatoka vekta kweli, yaani mchoro wa mistari unaoukuza utakavyo bila kuharibika, lakini programu inakisia ukingo uko wapi kwenye vile vijivu, inamwaga mamia ya nodi, zile nukta zinazoshika mstari, mstari ulionyooka unakuwa na mawimbi na kona zinayeyuka. Plota, mashine ya kukata stika, inafuata kila nodi kwa hiyo kisu kinatetemeka na stika inachanika kwenye ncha.

Kwa hiyo nikaiweka ile picha chini, nikaififisha na kuifunga isisogee, nikachora upya juu yake. Nusu ya karabai tu, nodi chache zikae pale mkunjo unapofika mwisho wake, juu, chini na pembeni, halafu nikainakili, nikaigeuza kwa kitufe cha H na kuunganisha kwa Path > Union, pande zote zikalingana. Mistari nikaibadilisha kwa Stroke to Path, sababu ukiacha mstari wenye unene tu plota inakata katikati yake. Kisha nikaipunguza hadi milimita 15, waya zote zikagandana, nikazitoa, haikupungua kitu. Picha yenyewe isingeniambia hilo, maana kwenye simu inaonekana kubwa muda wote.

Kazi ilikuwa kwenye magunia. Pale logo inapulizwa rangi kupitia karatasi ngumu iliyotobolewa, sasa jicho la dagaa ni kisiwa katikati ya tundu, ukikata linadondoka. Nikalichania njia nyembamba hadi kwenye mstari wa shavu, na mstari nikaufikisha ukingoni mwa mwili, jicho likapata pa kujishikiza. Mchoro huo huo ndo nikautumia kila mahali, nyeusi tupu kwanza, nikahifadhi SVG na PDF.

Mama alipouona akasema jicho sawa, ila mkia wa dagaa wake umegawanyika zaidi ya hapo. Nikavuta nodi mbili akiwa bado kwenye simu, nikamtumia fundi faili jipya.