Kumbukumbu ya mradi: kulijenga upya jicho la babu kwenye picha iliyochanika

Picha ni ya studio, nyeusi na nyeupe, upana sentimita 8.5 na urefu 13.5. Imetoka kwenye sanduku la familia moja hapa Tanga. Mzee amekaa kitini, kanzu na koti, kofia ya kushonwa kwa mkono, kichwa kimegeuka kidogo kuelekea kulia kwa mtazamaji, lakini macho yanaitazama kamera. Imechanika vipande viwili, na katikati ya mchaniko kuna tundu la pembetatu, upana milimita 11 na urefu 14. Tundu hilo limekula jicho lake la kushoto, ukingo wa kofia na juu ya shavu. Pembe ya chini kulia nayo haipo.

Kuskani

Kila kipande kimeskaniwa peke yake, juu yake karatasi nyeusi, kwa dpi 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, kijivu cha biti 16, faili la TIFF. Ukiviweka viwili pamoja kwenye kioo, kimoja kitainuka kidogo pale vinapokutana na ukingo utapoteza ukali. Vipande vyote vielekee upande mmoja, kwa sababu taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja na hutupa kivuli chembamba kwenye kila ukingo uliochanika. Marekebisho ya rangi na ya ukali yanayofanywa na skana yenyewe yazimwe, la sivyo kila kipande kitatoka na weusi wake.

Dpi 1200 si anasa hapa. Uso mzima una urefu wa sentimita 1.6 tu. Kwa dpi 300 ungekuwa na pikseli 189 za kufanyia kazi, na jicho lingekuwa doa. Kwa 1200 ni pikseli 756.

Vipande havikugusishwa gundi wala selotepu. Kwa unyevu wa pwani, gundi ya selotepu hugeuka manjano na kuingia ndani ya karatasi, na hapo hata skana haitakusaidia.

Kuunganisha

Karatasi ya picha haichaniki wima, huchanika kwa mshazari. Kipande kimoja hubaki na mstari mweupe wa karatasi tupu, na kingine hubaki na utando wa picha uliochomoza kama kidevu. Watu wengi huuona ule mstari mweupe wakadhani picha imepotea pale, wakaanza kuchora. Haijapotea, iko kwenye kipande cha pili. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kipande chenye utando uliochomoza kiwe leya ya juu, na mweupe wa chini utafunikwa wenyewe. Kusogeza na kuzungusha kumefanywa kwa `Unified Transform` mara moja tu, maana kila mzunguko mpya hulainisha picha kidogo.

Jicho, jaribio la kwanza

Njia ya mkato ni kunakili jicho zima lililobaki, kuligeuza kwa `Flip` na kulibandika upande wa pili. Matokeo: mzee ana kengeza, na jicho jipya linaonekana kubwa kuliko la zamani. Makosa ni mawili, na kila moja lina sababu yake.

Kosa la kwanza ni upana. Kichwa kimegeuka, kwa hiyo nusu ya uso iliyo mbali huonekana nyembamba. Nyembamba kiasi gani? Mdomo umesalia mzima, na ndio rula yetu. Kutoka katikati ya mdomo hadi pembe ya karibu ni pikseli 90, hadi pembe ya mbali ni 73, yaani asilimia 81. Jicho lililobaki lina pikseli 118 kutoka pembe hadi pembe, basi la mbali liwe kama 96. Umbali kutoka katikati ya pua hadi pembe ya ndani ya jicho, kwa hesabu hiyohiyo, ungekuwa 42, lakini umewekwa 36. Mfupa wa pua umechomoza mbele, na kichwa kikigeuka hufunika sehemu ya jicho la mbali.

Kosa la pili ndilo linaloleta kengeza. Kichwa kimeelekea kulia lakini mzee anaitazama kamera, kwa hiyo mboni zote mbili zimesogea kushoto. Kwenye jicho la karibu, kushoto ni upande wa nje. Ukiligeuza jicho lote, mboni inakwenda kulia, na macho yanatazamana mgongo.

Jicho, jaribio la pili

Jicho limegawanywa leya mbili. Kope za juu na chini, pamoja na nyusi, zimegeuzwa na kubanwa hadi asilimia 81. Mboni haikugeuzwa wala kubanwa: imekatwa kwa duara, ikanakiliwa kama ilivyo, ikasogezwa kuelekea pua, chini ya leya ya kope. Macho yote yanaitazama kamera, kwa hiyo mboni zote hubaki duara kamili. Faida nyingine ni ile nukta nyeupe ya taa ya studio, iliyoko juu kushoto mwa mboni. Isipogeuzwa, inabaki upande uleule kwenye macho yote mawili, kama taa ilivyopiga.

Kisha mwanga. Taa ilitoka kushoto, shavu la mbali liko kivulini. Ngozi iliyosalia karibu na tundu inasoma 92 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, ya upande wa mwanga inasoma 150. Leya za jicho jipya zimeshushwa kwa `Curves` hadi zilingane na jirani zake. Weupe wa jicho ushushwe pia, kwani ukiuacha, jicho linawaka kama la paka.

Shavu limejazwa kwa `Clone` kutoka ngozi ya kivulini. Palipopakwa kwa brashi palitoka laini kama sahani ya melamaini, kwa sababu chembechembe za filamu hazipo. Dawa yake ni `RGB Noise` kidogo, halafu `Gaussian Blur` ya pikseli 0.8, ukilinganisha na shavu halisi kwa ukubwa wa asilimia 100.

Kofia na pembe

Nakshi za kofia hujirudia, hivyo zimenakiliwa kutoka upande wa karibu. Lakini kofia ni mviringo: kila ua linaloelekea ukingoni limebanwa zaidi, 90, 80, kisha 65 kwa mia. Pembe ya chini ni sakafu na pazia. Nusu saa.

Kuwaonyesha wenyewe

Usiulize kama amefanana. Watakubali kwa adabu. Ulizo ni: nini hakijakaa sawa? Shangazi mtu aliinama kwenye karatasi, akaweka kidole. "Nyusi hii, mwanangu. Kaka yake baba hakuwa na nyusi ndefu hivi huku. Ilikatika, alikuwa na kovu."

Picha ya pasipoti ya mzee ikatolewa, na kweli: nyusi ya kushoto imekatika thuluthi ya mwisho. Kugeuza kulikuwa kumempa nyusi ya kulia mara mbili. Picha ile imepigwa uso kwa uso, kwa hiyo jicho lake halikufaa kunakiliwa, lakini mahali pa kovu pamepimwa hapo na nyusi ikakatwa kwa `Layer Mask`.

Nakala imechapishwa sentimita 13 kwa 18, na nyuma yake pameandikwa kwa penseli: jicho la kushoto, ukingo wa kofia na pembe ya chini vimejengwa upya. Vipande vya asili vimerudi kwenye bahasha ya karatasi, kila kimoja na yake.