Pungufu ya 6,500 kwenye kasha la fedha ndogo ndogo

Nilikwenda kuhesabu bila kumwarifu mtunza fedha, kama mwongozo wetu unavyotaka. Fungu lake ni 100,000, na hilo halibadiliki: siku yoyote, taslimu iliyomo kwenye kasha ukijumlisha na vocha za malipo ambazo hazijarejeshewa fedha, lazima upate 100,000. Alihesabu yeye, nami nikahesabu baada yake, kasha likiwa mbele yetu sote. Huwa sikubali kuhesabu peke yangu, kwa sababu ikitokea pungufu hakuna atakayejua imeanzia kwa nani.

Taslimu 39,300, vocha 54,200. Jumla 93,500. Zimepungua 6,500.

Mikono ilianza kumtetemeka. "Kaka, sijala hata senti. Ngoja nitoe kwangu nijazie." Nilimkatalia. Akijazia kwa siri, kosa linabaki palepale na mwezi ujao linarudi. Tukaandika 6,500 kwenye fomu ya kuhesabia, tukatia sahihi wote wawili, ndipo tukaanza kutafuta.

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyepewa fedha bila karatasi. Akakumbuka: tarishi, 2,000, asubuhi ya juzi. Tarishi alipoitwa alileta risiti ya 1,600 na chenji 400. Hapo mtunza fedha alikuwa amekosea, maana fedha ya kutangulizwa hutolewa kwa hati ndogo iliyosainiwa na mpokeaji, na hesabu yake hufungwa kabla ya mwisho wa siku inayofuata ya kazi.

Zikabaki 4,500. Namba hiyo inagawanyika kwa 9 bila baki, na tarakimu mbili zinazofuatana zikipinduliwa, tofauti huwa hivyo daima. Haithibitishi kitu, ila inakuelekeza pa kuanzia. Tulichukua vocha moja moja tukailinganisha na risiti yake, mpaka tukafika kwenye wino wa printa: risiti 7,200, vocha 2,700. Muuzaji alilipwa 7,200. Mstari wa kiasi kwa maneno ulikuwa mtupu, na hapo ndipo kosa lilipopita, kwa kuwa huwezi kuandika "elfu saba na mia mbili" huku ukidhani ni 2,700.

Vocha tuliifuta kwa mstari mmoja, tukaandika mpya na kuziambatanisha. Sasa vocha zilikuwa 60,300 na taslimu 39,700, nami nikaidhinisha arejeshewe 60,300.

Kama zile 4,500 zisingepata maelezo, ningeziingiza kwenye akaunti ya pungufu na kupeleka taarifa kwa meneja siku hiyohiyo. Ziada nayo naifuatilia vivyo hivyo, kwa kuwa mara nyingi ni mtu ambaye hakulipwa chake.

Tangu siku hiyo vocha isiyo na kiasi kwa maneno hailipwi, na risiti inagongwa muhuri wa IMELIPWA papo hapo isije ikatumika mara ya pili. Kikomo cha 10,000 kwa malipo nimekiacha kama kilivyokuwa, ila sasa natazama vocha mbili za duka moja na tarehe moja, maana ndivyo watu wanavyokata malipo makubwa vipande.