BDF7 ilivyonisumbua wiki nzima hapa Mwanza, na jinsi nilivyoikamata

BDF7 ni fomula ya kutatua milinganyo tofautishi kwa kompyuta, hatua moja ya muda baada ya nyingine, kila hatua ikitumia thamani saba za nyuma. Ilipoanza kuniharibikia, kila niliyemuuliza alinijibu hivohivo, "punguza urefu wa hatua". Nikapunguza, ikaharibika zaidi! Hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilikuwa natatua mfano wa Robertson wa 1966, kemikali tatu, moja inabadilika taratibu kwa namba 0.04, nyingine inatoweka kwa 3×10⁷. Huo ndo ustifu, cha haraka kinakufa papo hapo ila njia za kawaida zinalazimika kwenda na vihatua vyake vidogo mpaka mwisho. Fomula za BDF zinavuka hapo bila shida. Nilijaribu ya 3 ikakubali, ya 6 ikakubali, nikaona ya 7 itakuwa kali zaidi.

Kilichoniokoa ni jumla. Kemikali hazipotei, zinabadilishana tu, kwa hiyo y1+y2+y3 lazima iwe 1 muda wote. Usiku mmoja Nyegezi umeme umekatika, nina chaji kidogo kwenye laptopu, nikaprinti hiyo jumla tu kwenye skrini kila hatua. Mwanzoni 1 safi. Kwenye hatua ya 1,000 hivi tarakimu ya sita au ya saba baada ya nukta ikaanza kucheza, na inacheza kwa mpangilio, juu, juu, chini, chini, halafu inarudia. Kufika kama 1,700 jumla haina maana tena.

Nikakaa na karatasi. Jumla haibadiliki, maana yake upande wa kulia wa fomula ni sifuri na h, yani urefu wa hatua, inapotea kabisa, zinabaki namba zinazozidisha thamani za nyuma tu. Tafuta mizizi yake, ukubwa wa mmoja ukizidi 1 kosa linakua kila hatua:

```python
import numpy as np
c = [363/140, -7, 21/2, -35/3,
     35/4, -21/5, 7/6, -1/7]
print(abs(np.roots(c)).max())
```

Inatoka 1.02 na ushee. Yani hata kosa la 10⁻¹⁶ la kompyuta yenyewe linaongezeka asilimia mbili kila hatua, mara tisa hivi kwa hatua 100. Ukipunguza h unaongeza idadi ya hatua, unalilisha kosa! Na anayeharibika siyo yule wa haraka, huyo fomula inamkandamiza vizuri, ni huyu mtulivu asiyebadilika.

Kwa BDF6 mzizi mmoja ni 1 (huo ndo wa jibu lenyewe), unaofuata kwa ukubwa ni 0.86, kosa linafifia. Mwanahisabati Cryer alithibitisha 1972 kwamba kuanzia 7 kwenda juu zote zina ugonjwa huo, kwa hiyo msihangaike na 8.

Ila hata 6 siipendi. Ikiwa mfumo wako unatikisika huku unatulia, 6 ina usalama wa nyuzi kama 18 tu kila upande wa mstari wa namba hasi, 5 ina kama 52. Ndo maana programu za kutatua milinganyo hii kama CVODE na ode15s ya MATLAB zinaishia 5. Mimi natumia 5, na mtikisiko ukiwa mkali nashuka mpaka 2, ambayo inashika nusu yote ya kushoto ya bapa la namba changamano.