Nilivyoipunguza mizigo ya kudumu kabla ya kukodi mashine ya sembe

Kila aliyesikia kwamba nataka kuacha kusagisha kwa watu na kukodi mashine yangu mwenyewe hapa Dodoma aliniambia neno lile lile: kodi, uache kumtajirisha mwenye mashine. Mshauri mmoja wa biashara akaniandikia na mchanganuo. Alichukua gharama za kudumu za mwezi, yaani pango la mashine na jengo, mishahara na mlinzi, kama milioni 5 hivi. Akazigawa kwa tani 30 ninazouza, akapata shilingi 167 kwa kilo. Mahindi (nikishatoa hela ya pumba), mifuko, usafiri na umeme vinakula kama shilingi 1,050 kwa kilo. Kwa hiyo, akasema, kilo inanigharimu 1,217, naiuza 1,300, faida yangu ni 83 kwa kilo.

Mchanganuo ule unaniudhi mpaka leo. Ile 167 ni kweli mwezi ninaouza tani 30 tu. Nikiuza tani 24, milioni 5 haipungui hata senti, inagawanywa kwa kilo chache zaidi na kuwa 208, na faida ya kilo inashuka hadi 42. Gharama ya kudumu ukiiandika kwa kilo unaificha pale pale ilipotakiwa kuonekana. Na kwenye sembe mauzo hayatulii. Mavuno yakiingia, watu wanasaga mahindi yao wenyewe na maduka hayamalizi mzigo. Juni na Desemba shule zinafungwa, na shule za bweni ndio wateja wangu wakubwa.

Nilikaa na daftari langu nikapanga njia mbili. Ya kwanza, kukodi mashine: gharama za kudumu milioni 5, na kila kilo inaniachia 250 baada ya gharama zinazopanda na kushuka na mzigo. Ya pili, kuendelea kusagisha: gharama za kudumu kama milioni 2 tu, lakini ada ya kukoboa na kusaga inafanya kilo iniachie 150. Kwa tani 30, ya kwanza inatoa milioni 7.5 ukiondoa 5, inabaki 2.5. Ya pili inatoa 4.5 ukiondoa 2, inabaki 2.5 vile vile. Ndiyo maana mchanganuo wenye mstari mmoja wa mauzo haukuweza kunionyesha chochote.

Sasa punguza mauzo kwa asilimia 20. Kwenye kukodi faida inashuka hadi milioni 1, yaani asilimia 60 imeondoka. Kwenye kusagisha inabaki milioni 1.6, imeshuka asilimia 36. Mauzo yakipanda asilimia 20, kukodi kunanipa milioni 4 na kusagisha 3.4. Kipimo chake ni chepesi: chukua hela inayobaki baada ya gharama zinazobadilika, gawa kwa faida. 7.5 kwa 2.5 ni 3, 4.5 kwa 2.5 ni 1.8. Kila asilimia 1 ya mauzo inatikisa faida kwa asilimia 3 kwenye njia moja, na 1.8 kwenye nyingine. Kipimo hicho ni cha pale ulipo tu. Ukikaribia tani 20, ambako kukodi hakuna faida wala hasara, kinapaa vibaya sana.

Thamani ya mradi mzima inayumba zaidi. Nilichukua miaka mitano, mtaji wa kuanzia milioni 40, na riba ya asilimia 18 kwa mwaka ya kurudisha hela za mbele kwenye thamani ya leo. Kwa tani 30, njia zote mbili zinaniachia kama milioni 54 juu ya mtaji. Kwa tani 36, kukodi kunafika 110 na kusagisha 88. Kwa tani 24, kusagisha bado kuna milioni 20, ila kukodi kumezama chini ya mtaji kwa kama milioni 2.5. Na hapo nimeipendelea njia ya kukodi, kwa sababu nimezipa zote riba moja. Gharama ya kudumu inadai kama deni, mauzo yawepo yasiwepo, kwa hiyo hela inayobaki nyuma yake ina hatari zaidi na ilistahili riba kubwa zaidi.

Angalieni pia kinachoshuka ni nini. Hesabu zote za juu ni za kilo kupungua, bei ikibaki ile ile. Bei ya sembe ikianguka kwa shilingi 130 huku mahindi ya Kibaigwa yakibaki pale pale, kwa tani 30 njia zote mbili zinapoteza milioni 3.9 na zote zinaingia hasara ya milioni 1.4. Kusagisha hakukukingi na bei.

Pamoja na hayo nilitaka mashine, kwa sababu msimu wa mzigo mkubwa unapokuwa kwa mtu unapangwa foleni, na shule haisubiri. Kwanza nilimwomba mwenye mashine apunguze pango la milioni 2.2. Akakataa papo hapo. "Mwanangu, hiyo ndiyo bei, wengine wanaulizia." Nikarudi na ombi jingine: "Mzee, sikuombi upunguze. Nitakulipa milioni 1 kila mwezi hata nisiposaga, na juu yake shilingi 40 kwa kila kilo. Nikisaga tani 30 unapata ile ile 2.2. Nikisaga 36 unapata zaidi." Hapo akavuta kiti. Wapangaji waliotangulia walikuwa wakimkimbia miezi ya mavuno, kwa hiyo milioni 1 ya uhakika alijua thamani yake.

Akabaki na swali moja, tena la haki: atajuaje nimesaga kilo ngapi? Daftari langu halikumtosha, na kukaa pale kunihesabia magunia asingeweza. Jibu lilikuwa ukutani, mita ya Luku. Tulisoma yuniti kwenye kioo asubuhi, tukakoboa na kusaga mzigo uliopimwa kwenye mizani mbele yake, tukasoma tena jioni, tukapata yuniti kwa tani. Tukarudia baada ya kubadilisha chekeche, kwa sababu chekeche jembamba hula umeme zaidi. Kiwango kikaandikwa kwenye mkataba. Kila mwisho wa mwezi anapiga picha mita, anagawa yuniti zilizotumika kwa kiwango kile mwenyewe, anajua kilo zangu kabla sijamwambia. Taa na friji nilivihamishia mita nyingine ili visichafue hesabu.

Wafungaji mifuko nao tulikubaliana walipwe kwa kilo, jambo lililoondoa kama laki 6 kwenye mishahara ya mwezi na kuongeza shilingi 20 kwa kilo. Wao walifurahi, maana miezi ya shughuli wanapata zaidi. Miezi mibaya nawahakikishia siku kadhaa za kazi. Fundi mashine sikumgusa. Huyo ukimlipa kwa kilo atakimbiza mashine mpaka beringi zife.

Gharama za kudumu zikashuka hadi milioni 3.2, na kilo ikawa inaniachia 190. Kwa tani 30 faida ni ile ile milioni 2.5, lakini kipimo kimeshuka kutoka 3 hadi kama 2.3, na mahali pa kutopata hasara pametoka tani 20 hadi karibu 17. Miezi ya neema namwachia mzee na wafungaji sehemu ya kilichozidi, na naitoa kwa moyo. Mavuno yaliyopita niliteremka hadi kama tani 22 na bado nikabakiwa na karibu milioni 1. Kwa mkataba wa mwanzo ingekuwa nusu yake, na mwezi huo huo nilihitaji hela ya kununua mahindi yakiwa bado rahisi.