Mashine ya milioni nane na hasara ya kuandikwa

Mtu akikuambia biashara yako imepata hasara ya milioni sita na laki saba mwezi ule ule ulioingiza zaidi ya milioni mbili, usikimbilie kulia. Muulize kwanza ameandika nini kwenye safu ya matumizi.

Sisi tuko watatu: mimi, shemeji yangu, na Mwalimu mmoja mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye biashara. Tunasaga chakula cha kuku Igoma, hapa Mwanza. Dagaa tunachukua Mwaloni pale Kirumba, pumba na mahindi yanatoka mashambani, na wafugaji wengine huja na mzigo wao tuwasagie kwa shilingi 50 kwa kilo. Zamani tulikuwa tunapeleka kwa watu. Mwaka jana tukanunua kinu chetu cha nyundo, chenye mota ya farasi 20.

Daftari la mwezi wa kwanza shemeji alimpa kijana mmoja anayesifika mtaani kwa kujua hesabu. Kijana akapanga kila kitu vizuri, kwa rula na wino mwekundu. Mapato 2,150,000. Matumizi: umeme kama 420,000, mshahara wa mwendesha mashine 250,000, pango 150,000, grisi na mkanda 60,000. Mpaka hapo sina neno naye. Kisha mstari wa mwisho: mashine, 8,000,000. Chini kabisa, kwa ule wino mwekundu, hasara ya 6,730,000.

Mwalimu alipoiona ile namba aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nadhani nitoe changu mapema." Shemeji yeye alikuja na dawa. Mwezi ule tulisaga kilo 43,000. Akajumlisha matumizi yote pamoja na mashine, akagawa kwa kilo, akapata shilingi 206. "Kwa hiyo tunasaga kwa hasara," akasema. "Tupandishe bei iwe 220." Hebu fikiria mfugaji wa Kisesa anafika na gunia zake, anaambiwa 220 wakati jirani anasaga kwa 50. Angegeuza bodaboda bila hata kuaga.

Nilijaribu kuwaeleza kwa maneno ya kawaida, haikusaidia. Shemeji alikuwa na jibu moja tu: pesa imetoka au haijatoka? Imetoka. Basi ni matumizi. Ukibishana na mtu wa namna hiyo kwa nadharia utakesha.

Nikaamua kumfuata huko huko kwake. Jioni moja tumekaa tunakunywa chai, nikamuuliza, "Shemeji, umeme wa mwezi uliopita bado upo?" Akasema umeshaisha. "Na mshahara wa kijana?" Umeliwa. "Grisi?" Imeisha. "Na mashine je, nayo si umeiandika pamoja nao? Imeisha?" Akanyamaza kidogo, akasema kwa daftari, ndiyo, imeisha. Nikamwambia sawa kabisa, kesho naleta gari niichukue, kwa kuwa kitu kilichoisha hakina bei, na mimi nina pa kukitupa. Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. Shemeji akaruka: "Shemeji, ile mashine hata leo mtu anatoa milioni saba!" Nikasema hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri. Kama ipo na ina milioni saba, ile hasara ya milioni sita na laki saba imetoka wapi?

Tangu hapo tukaelewana. Umeme, mshahara na pango ni matumizi ya uendeshaji: umelipa, mwezi umevila, kwisha. Mashine ni matumizi ya mtaji. Siku ya kuinunua hujala kitu. Umebadilisha noti kuwa chuma. Upande wa pesa unapungua milioni nane, upande wa mali unaongezeka milioni nane, na faida haiguswi hata senti. Kinacholiwa kila mwezi ni kipande kidogo cha ile mashine kinachochakaa, na hicho ndicho kinachoingia kwenye matumizi.

Sasa kipande hicho ni kikubwa kiasi gani? Aliyetuuzia alisema mashine inakaa miaka kumi. Labda kwa anayesaga mahindi matupu. Dagaa wetu wengi wanaanikwa mchangani ziwani, wanakuja na mchanga wao, na mchanga unakula nyundo na chekeche kuliko mzigo wenyewe. Tukaweka miaka mitano. Baada ya hapo tunaona tutaweza kuiuza kama laki nane, mota na chuma. Kwa hiyo kinachochakaa ni 7,200,000, ukigawa kwa miezi 60 unapata 120,000 kwa mwezi.

Rudi kwenye daftari la kijana. Futa milioni nane, weka 120,000. Matumizi yote yanakuwa milioni moja, faida 1,150,000. Gharama ya kusaga kilo moja inashuka kutoka 206 hadi kama shilingi 23. Bei ya 50 ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Na ule mwezi mwekundu haukuwa hata ubaya wenyewe. Ubaya ulikuwa unakuja nyuma yake. Kwa hesabu ya kijana, mashine ikishaandikwa yote mwezi wa kwanza, miezi 59 inayofuata inasaga bure. Faida ingesoma 1,270,000 badala ya 1,150,000, na watu watatu wangegawana yote huku wakipongezana. Tungekuwa tunakula mashine kidogo kidogo tukidhani tunakula faida.

Nimeulizwa sana ile milioni nane imetoka wapi wakati bei ya mashine ilikuwa kama 6,800,000. Hapa hata wanaojua uchakavu wanakosea. Kila ulicholipa ili mashine ifike na iweze kufanya kazi ni sehemu ya bei yake. Lori kutoka Dar lilichukua kama laki tatu na nusu. Msingi wa zege, maana kinu kisipofungwa chini kinatembea chenyewe, kama laki nne. Fundi wa umeme wa njia tatu na swichi yake ya kuwashia, pamoja na pumba tulizoharibu kwa majaribio, laki nne na nusu. Vyote vinaingia kwenye mashine. Lakini zile siku tulizomlipa fundi amfundishe kijana wetu kuendesha hazimo. Mafunzo ni matumizi ya mwezi, kwa sababu kijana anaweza kuondoka kesho na ujuzi wake, huwezi kumfunga na nati. Na mkopo ukiwepo, riba ndiyo matumizi. Yale marejesho ya mtaji ni kupunguza deni, ukiyaandika tena kama matumizi umeihesabu mashine mara mbili.

Jambo jingine: mashine ilikaa imefunikwa turubai siku nyingi tukisubiri umeme. Uchakavu hatukuuanza siku ya kulipa. Tuliuanza ilipokuwa tayari kusaga. Na ukishauanza, mashine ikilala kwa kukosa mzigo uchakavu haulali. Kipindi cha mbalamwezi dagaa huwa wachache, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa na taa haina nguvu mbele ya mwezi, lakini 120,000 inaandikwa vile vile. Kuna wanaoweka kwa kilo, mfano shilingi 3 kila kilo inayosagwa, na kwa biashara inayopanda na kushuka kama yetu si njia mbaya. Sisi tulichagua mwezi kwa kuwa Mwalimu anapenda namba isiyobadilika.

Matengenezo ndiyo yanayoleta ugomvi mpaka leo. Nyundo tunageuza upande, zikilika pande zote tunanunua seti mpya. Shemeji, ambaye sasa ameongoka kuliko mimi niliyemhubiria, alitaka nyundo nazo ziwe mtaji kwa kuwa ni chuma. Nikamwambia hapana. Nyundo hazimalizi hata mwaka, na zinairudisha mashine pale ilipokuwa tu. Baadaye mota ikaungua, fundi akaisuka upya kwa zaidi ya laki tatu. Pesa ni nyingi, mwezi ule faida iliumia, lakini bado ni matumizi ya mwezi, kwa sababu mota ilirudi kuwa mota ile ile. Ukubwa wa pesa hauamui peke yake.

Kisha tukafunga kimbunga, lile pipa la bati lenye umbo la pia linalokamata vumbi la unga. Gharama yake haikufika mbali na ile ya kusuka mota, lakini hii tuliipeleka kwenye mali. Mashine haikuwa nacho, sasa inacho, na unga uliokuwa unapotea hewani tunaupata kwa miaka iliyobaki. Tukaigawa kwa miezi iliyobaki ya mashine, si kwa 60 mipya. Swali ninalouliza kila fundi anapotaja bei ni hilo: unairudisha ilipokuwa, au unaipa kitu isichokuwa nacho? Kama siku moja tutabadili mota nzima, ya zamani nayo lazima itoke kwenye orodha ya mali. Huwezi kuwa na mota mbili kwenye daftari na moja kwenye msingi.

Kodi nayo ina mambo yake. Ukiwa kwenye kodi ya makadirio, wanaangalia mauzo, uchakavu wako hauwahusu. Ukifika kwenye hesabu kamili, sheria ya kodi ya mapato ya 2004 ina viwango vyake vya uchakavu kwa makundi ya mali, na hawatakuuliza mchanga wa dagaa umekula nini. Miaka mitano yetu ni ya kutusaidia sisi kujua faida.

La mwisho ni pesa yenyewe. Kuandika 120,000 hakuweki shilingi popote. Ni wino. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, kabla hatujagawana, naihamisha kwenye akaunti ya simu ambayo laini yake anaishika Mwalimu, na namba ya siri naijua mimi. Hakuna anayeweza kuigusa peke yake. Tulianza na 120,000 kamili, halafu nikapiga simu Dar kuulizia bei, kinu kile kile kimeshapanda. Sasa tunaandika 120,000 na kuhamisha 150,000. Ile 30,000 ya juu si matumizi. Ni faida yetu ambayo tumeamua kutoila, na shemeji kila mwezi anauliza kama ile 150,000 haiwezi kuwa 140,000.