Upungufu wa 27,000 ulionifundisha kufunga hesabu

Nina duka la jumla karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Mjomba aliyenitangulia kwenye biashara alinishauri nihesabu pesa usiku, nikishafunga milango, nikiwa peke yangu. Ushauri huo ulinitesa karibu mwaka mzima. Usiku nimechoka, benki imefungwa, na mamilioni nalala nayo.

Siku moja mauzo kwenye daftari yalikuwa 2,360,000. Nikatoa 610,000 zilizoingia kwa simu, nikatoa 45,000 za makuli na chakula, nikajumlisha chenji ya 100,000 niliyoanzia asubuhi. Droo ilipaswa kuwa na 1,805,000. Nikahesabu mara tatu: 1,778,000. Pungufu 27,000. Nilikuwa nimeshaamua kumkata mshahara kijana wangu wa dukani.

Asubuhi jirani yangu, mhasibu mstaafu, akaniuliza, "Mama, umegawa kwa tisa?" Sikumwelewa. Akagawa 27,000 kwa 9, akapata 3,000 kamili. Akasema upungufu ukigawanyika hivyo, kabla hujamshuku mtu, tafuta namba iliyoandikwa kinyume. Ile 3 ndiyo tofauti ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, na kwa kuwa ni elfu tatu, zimo kwenye makumi elfu na maelfu. Basi tukawa tunatafuta 41 iliyogeuzwa kuwa 14, au 52 kuwa 25, na nyingine kama hizo. Kwenye mstari wa mafuta ya alizeti tukakuta 63,000. Nakala ya risiti ya mashine inasema 36,000. Mwandiko ni wangu mwenyewe! Nilimwomba kijana radhi siku hiyohiyo.

Lakini mwizi naye anaweza kuchukua 27,000, kwa hiyo kugawanyika kwa tisa hakumsafishi mtu mpaka namba yenyewe ipatikane. Na upungufu wa 10,000 kamili haugawanyiki. Huo mara nyingi ni chenji iliyozidi au noti mbili zilizogandana.

Sasa nahesabu saa tisa alasiri, kuna mwanga, mimi na kijana. Yeye anahesabu kwanza, mimi narudia bila kusikia jumla yake, ndipo tunalinganisha. Noti za elfu kumi zinafungwa mia mia, kila bunda milioni moja. Chenji ya kesho inabaki, na slipu ya benki naijaza hukohuko dukani ili nisipange pesa mezani mbele za watu. Saa ya kutoka nabadilisha, njia nabadilisha, na pesa haikai kwenye mkoba wa begani, inakaa chini ya kanga.

Mauzo ya jioni yanaingia kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni, na karatasi yake yenye saini mbili. Ripoti ya Z naitoa kwenye mashine nikifunga duka. Jumla yake lazima ilingane na daftari la siku nzima, la mchana na la jioni, na isipolingana naanza na kugawa kwa tisa.